Barua ya Gacheri kwa Lumeka

Kinuthia alikuwa na kipaji cha kukasirika kwa niaba ya watu. Kwa miaka kumi na tisa saiba yake ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo mjini Nyeri, kompyuta sita na printa moja yenye vituko, na wengi walipanda ngazi zile kuchapisha fomu na kwenda zao. Lakini mwenye kisa alipanda kumtafuta Kinuthia mwenyewe. Ng'ombe wako amedungwa dawa isiyo yake? Hati ya shamba imekaa ofisini mpaka karani aliyeipokea amestaafu? Kaa hapo. Kinuthia alikuwa anavuta kiti, anasikiliza, anapandwa na mori kuliko hata mwenye ng'ombe, kisha anaandika barua ambayo mtu akiipokea lazima aisome amesimama.

Basi Alhamisi asubuhi Gacheri Murungi alipoingia macho yamemvimba, Kinuthia alishaanza kukasirika kabla hajajua ni kwa nini.

Alimjua binti huyo. Alikuwa mtu wa Meru, mwanafunzi wa shahada ya pili, na kwa miezi miwili mashine namba nne ilikuwa kama imeandikwa jina lake. Hakuwa na kompyuta yake mwenyewe. Alikuwa na simu janja ya kawaida, mkoba mkubwa, na adabu ya kuwasalimu watu wote chumbani hata wale wasioitikia. Leo hakusalimu mtu.

"Baba Ben," alimwambia Kinuthia kwa jina walilomzoea wateja, "wameniibia."

"Nani hao?"

"Lumeka. Chat yangu ya thesis haiko. Haiko kabisa!"

Lumeka si jambo la kumweleza mtu sana siku hizi. Ni ile programu unayoiandikia swali nayo inakujibu, ikakupangia mambo yako, na mazungumzo yenu ikayaweka kwenye orodha pembeni ili urudi wakati wowote. Kampuni yenyewe iko ng'ambo. Kule Nyeri walimu waliitumia kupanga masomo, na wanafunzi ndio usiseme.

Gacheri alikuwa anatafiti kwa nini wakulima wa Wamagana wanang'oa kahawa na kupanda parachichi. Alikuwa amezunguka mashamba kwa wiki saba, akaongea na watu thelathini na wanne. Mwanzoni alikwenda na daftari, na daftari likamharibia kazi. Mkulima akiona mtu mgeni anaandika kwenye daftari, anajua huyo ametumwa na serikali, na hapo utaambiwa miti ni michache, mvua ni mbaya, kwaheri. Simu haikumtisha mtu. Kwa hiyo Gacheri akaacha daftari, akawa anachapa maneno ya wakulima mle mle ndani ya Lumeka, jina la kila mtu amelibadilisha kuwa namba, na jioni anaiambia programu imsaidie kuyapanga. Wiki saba za watu zilikuwa mahali pamoja tu, na jana jioni alipofungua simu, orodha ya pembeni ilikuwa nyeupe.

"Na Daktari Khavere anasemaje?" Huyo alikuwa mwalimu wake msimamizi.

"Anasema bila maneno ya watu wenyewe hakuna sura ya nne. Na bila sura ya nne sitetei hiyo kazi mwaka huu. Niko na siku kumi na mbili, Baba Ben."

"Siku kumi na mbili! Na wao wanalala?"

"Wanalala tu."

"Leta kiti," alisema Kinuthia.

Kampuni ilikuwa inajitapa kwamba inajua lugha mia moja, na Kiswahili kimo. Kinuthia akaamua iandikiwe Kiswahili, tena kile kilichonyooka, ijue imeandikiwa na watu. Gacheri alitoa mambo yenyewe naye akayatia moto. Barua ilianza kwa adabu, kama barua zote za Kinuthia, halafu ikapanda.

"Mimi ni mwanafunzi," barua ilisema, "nami nimewakabidhi kazi ya wiki saba nikiamini mnajua kutunza. Jumatano jioni nilikuta mazungumzo yangu yote tisa hayapo. Hakuna aliyeniuliza, hakuna aliyenionya. Mkulima wa Wamagana akimimina maziwa yake kwenye tangi la ushirika, na asubuhi tangi likakutwa tupu, je, atakubali kuambiwa pole? Naomba mnijibu bila kuzunguka. Mazungumzo hayo yako wapi? Yanaweza kurudishwa? Kama yanaweza, nifanye nini na lini? Kama hayawezi, ni nani aliyeyaondoa?"

Sentensi ya tangi la maziwa ilikuwa ya Kinuthia. Hiyo ya mwisho pia ilikuwa yake, na aliipenda sana, akaisoma mara mbili kwa sauti kabla ya Gacheri kuituma kutoka kwenye barua pepe yake.

Jibu lilirudi haraka mno. Lilikuwa la mashine, na lenyewe lilisema wazi kwamba ni la mashine. Lilimpa pole, likamwomba ahakikishe mambo manne. Je, ameingia kwa akaunti ile ile aliyoitumia siku zote? Je, alikuwa kwenye mazungumzo ya muda, yale yasiyohifadhiwa? Je, ameangalia sehemu ya yaliyowekwa kando? Je, ametafuta kwa neno? Waliyafanya yote. Akaunti ilikuwa ile ile. Mazungumzo ya muda hakuwahi kuyagusa. Kule kando kulikuwa kutupu, na walipotafuta parachichi hawakupata hata moja. Kinuthia alichemka kweli kweli.

"Tumeandikia watu, tunajibiwa na roboti! Waambie unataka mtu. Mtu mwenye jina."

Gacheri akaandika anataka mtu mwenye jina.

Mtu mwenye jina aliandika Jumamosi. Gacheri hakuifungua barua hiyo simuni, alipanda ngazi mbio nayo, akakaa mashine namba nne na kumwita Kinuthia aje aisome yeye. Kinuthia alivaa miwani, akakohoa kidogo, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya kuwasuta watu.

"Mpendwa Gacheri, naitwa Chris, nami ni mfanyakazi wa kitengo cha msaada. Nasikitika sana kwa hasara hii. Kwa kuwa umeandika kutoka kwenye anwani ya akaunti yako, nimeweza kuangalia kumbukumbu za matukio. Siwezi kuona mlichozungumza, ila naona kilichotendeka. Mazungumzo tisa yalifutwa moja moja, Jumanne, kati ya saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane na saa kumi na mbili na dakika arobaini na nne jioni, saa za Kenya. Yalifutwa kutoka kwenye kompyuta ya Windows iliyokuwa imeingia kwenye akaunti yako. Kila mara programu iliuliza kama una hakika, na kila mara ilijibiwa ndiyo."

Hapo sauti ya kusuta ilikatika.

"Endelea," alisema Gacheri.

Aliendelea, lakini sasa alisoma kama mtoto anayesomeshwa kwa lazima. Chris alisema mazungumzo yakifutwa kwenye akaunti yanatoka kila mahali ambapo akaunti hiyo inafunguliwa, simu na kompyuta. Alisema hayaendi kwenye pipa lolote ambalo mtu anaweza kuyaokota. Huondolewa kwenye mitambo ya kampuni katika siku thelathini, na hata ndani ya siku hizo hakuna mfanyakazi mwenye njia ya kuyarudisha kwa mwenyewe. Kama Gacheri aliwahi kupakua nakala ya data yake kabla ya Jumanne, mazungumzo yangekuwa humo. Kupakua sasa hakungesaidia. Mwisho alimshauri aitoe akaunti yake kwenye vifaa vyote na abadilishe nenosiri, kwani inaonekana iliachwa wazi mahali.

Kinuthia alivua miwani. Aliijua Jumanne ile.

Zamani, saiba ikiwa bado changa, mwalimu mmoja aitwaye Philemon alisahau kufunga barua pepe yake kwenye mashine ya Kinuthia. Mteja aliyefuata aliisoma yote, na kabla ya Ijumaa mji mzima ulijua mambo ya nyumbani kwa Philemon. Mwalimu aliomba uhamisho. Tangu siku hiyo Kinuthia alijiwekea sheria, na hakuna jioni aliyowahi kuivunja. Kabla ya kufunga alikuwa anapita mashine kwa mashine, anafuta kila alichoacha mteja, picha, fomu, kurasa zilizotembelewa, ili anayekuja kesho akute mashine safi. Alijivunia usafi huo. Alikuwa anawasema wenye saiba wenzake wasiofanya hivyo.

Jumanne mchana Gacheri alikuwa namba nne akipanga maneno yake ndani ya Lumeka, stima ikapotea na kompyuta zote zikazimika. Gacheri alinyakua mkoba, akakimbilia gari la Wamagana. Stima iliporudi saa kumi na moja, kompyuta iliuliza kama irudishe kurasa zilizokuwa wazi, na Kinuthia akairuhusu, maana kuna mteja aliyekuwa ameacha fomu katikati. Jioni alipofika namba nne alikuta ukurasa una orodha pembeni. Yeye Lumeka hakuwa mtumiaji wake, hasira zake alikuwa anaziandika mwenyewe. Aliiona ile orodha akadhani ni historia ya mashine, kama historia nyingine zote. Akafuta ya kwanza. Ikauliza kama ana hakika. Kila kitu kwenye kompyuta huuliza kama una hakika, na mtu aliyekaa saiba miaka kumi na tisa hujibu ndiyo kidole kikiwa tayari juu ya kitufe. Akafuta zote tisa. Kisha akaufunga ukurasa, akasema peke yake kwamba vijana wa siku hizi hawajui kujilinda.

Na Alhamisi Gacheri alipolia kwamba chat yake imepotea, wala haikumpitia akilini. Chat ya Gacheri ilikuwa kwenye simu ya Gacheri. Alichofuta yeye kilikuwa cha mashine namba nne. Hivyo ndivyo alivyoamini mpaka dakika hii.

"Waongo!" Gacheri alikuwa amesimama. "Waongo wakubwa! Jumanne hiyo saa nilikuwa kwa Shosho Watiri, yule mama mzee wa Wamagana, nikikula githeri, simu iko kwa mkoba. Ati nilifuta! Na Windows ya nani? Mimi niko na Windows?"

Kinuthia aliifuta miwani kwa pindo la shati.

"Ati iliachwa wazi mahali. Hapa si stima ilipotea? Stima ikipotea si kila kitu hujifunga? Baba Ben, andika. Huyu Chris leo atanijua."

Akakaa kwenye kibodi. Nini kingine angefanya? Mikono yake ilizoea kutii hasira. Gacheri alisema naye akachapa. Bwana Chris, umeamua kufunika makosa ya kampuni yako kwa kumsingizia mwanafunzi. Nataka mkubwa wako asome barua hii. Nataka uchukuliwe hatua. Nakala naipeleka kwa ofisi ya serikali inayolinda data za watu, ili wajue kuna mfanyakazi wenu anayetunga saa na dakika.

Ilikuwa barua nzuri. Kusema kweli ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Chris yuko mbali. Kampuni ni kubwa, inatukanwa kila siku na inaendelea kula. Gacheri angemchukia mtu asiyemjua mpaka uzeeni, na kesho angepanda ngazi hizi na kumwita Baba Ben kama kawaida. Kinuthia aliyafikiria haya yote, tusimfanye malaika. Aliyafikiria mpaka akafika mahali ambapo alitakiwa kuandika neno mwongo, na akaona atakuwa analiandika akijua ni la nani.

"Gacheri," alisema. "Hiyo Windows ni yangu."

"Yako aje?"

"Hii. Namba nne. Ni mimi nilifuta."

Alimweleza. Hakukuwa na njia nzuri ya kueleza. Alipofika pale pa kujibu ndiyo mara tisa, Gacheri alikaa chini polepole, akaweka mikono juu ya meza kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

"Ulikuwa unanisaidia," alisema.

"Nilidhani nakulinda."

"Alhamisi ulikaa hapa. Ukaandika ati nani aliyeyaondoa. Uliisoma mara mbili!"

"Sikujua, haki ya Mungu."

"Hukujua!" Sauti ilimpasuka, na mteja wa mashine namba moja akatoa vipokea sauti masikioni. "Miaka kumi na tisa uko na kompyuta na hukujua! Kitu inakuuliza mara tisa, uko sure, uko sure, na unasema ndiyo, na hukujua! Watu thelathini na wanne, Baba Ben! Nimelimishwa viazi nikingojea watu waongee. Nimeumwa na mbwa Wamagana. Na wewe umefagia tu, umefagia kama maganda!"

Kinuthia aliinamisha kichwa. Alitaka kusema kwamba Gacheri naye aliacha akaunti wazi, na stima ikipotea vitu havijifungi, lakini alijua akilisema hilo sasa atakuwa mtu mbaya kweli.

"Toka hapo," alisema Gacheri. "Hii nitaandika mwenyewe."

Alikaa kwenye kibodi. Alifuta barua yote nzuri ya Kinuthia, akaandika yake, na hakuipamba.

"Chris, ulichosema ni kweli. Akaunti niliiacha wazi saiba, na mwenye saiba akafuta akidhani anasafisha mashine yake. Nakuomba msamaha kwa barua ya kwanza. Lakini bado nimekasirika na ninyi, na hilo siliombei msamaha. Swali lenu la kama mtu ana hakika ni moja kwa kitu kidogo na kwa kazi ya wiki saba. Hata jikoni kwetu takataka hukaa kwenye ndoo mpaka asubuhi, ili mtu akikumbuka kijiko akitafute. Wekeni ndoo. Gacheri Murungi."

Akatuma. Akaitoa akaunti yake kwenye vifaa vyote, akabadilisha nenosiri, huku amemgeuzia Kinuthia mgongo asione anachochapa. Hiyo ilimuuma Kinuthia kuliko makelele.

"Sasa tutafanya nini?" aliuliza Kinuthia.

"Tutafanya? Sisi?" Gacheri alitoa simu. Namba za simu za wakulima zilikuwa bado zimo, maana hizo alizihifadhi kando, mbali na maneno yao. "Sawa. Sisi. Chukua kalamu na daftari. Leo huandiki barua. Unaandika chenye mtu anasema, vile anasema, na huongezi kitu. Huongezi hata tangi ya maziwa. Mimi napiga, wewe unaandika, mpaka wote thelathini na wanne waishe, na kama ni kufunga hii duka wiki nzima, funga."

Kinuthia alimwomba mteja wa namba moja arudi siku nyingine, akageuza kibao cha mlangoni. Alichukua daftari jipya kwenye rafu ya kuuza na kukaa upande wa pili wa meza.

Gacheri alianza na Shosho Watiri kwa kuwa ndiye aliyeongea naye mwisho. Aliweka simu mezani, sauti nje.

"Shosho, ni Gacheri."

"Gacheri wa avocado! Ulifika salama?"

"Nilifika, shosho. Nilikuwa nataka tuongee tena ile mambo ya kahawa. Kutoka mwanzo."

Mbuzi alisikika kwa mbali.

"Kutoka mwanzo?" alisema mama. "Si nilikuambia yote? Ya mzee wangu na ile miti, hiyo sijawahi ambia mtu, hata watoto wangu. Nililia mbele yako. Sasa uliyaweka wapi?"

Gacheri aliisukuma simu mpaka upande wa pili wa meza.

"Anauliza maneno yake yako wapi," alimwambia Kinuthia. "Mjibu."

Kinuthia alikuwa ameandika maelfu ya maneno katika chumba kile, na yote yalikuwa ya kuwauliza watu wengine walichofanya.

"Mama," alisema hatimaye. "Unaongea na Kinuthia, mwenye saiba huku town. Gacheri hana makosa. Maneno yako ni mimi niliyafuta. Sikujua ni nini."

"Wewe ulisoma, ukaona hayana maana?"

"Hapana, mama. Sikusoma."

"Hata hukusoma."

"Hata sikusoma."

Alisikia mama akivuta pumzi. Alingoja simu ikatwe, na moyoni aliomba ikatwe.

"Basi leo utayasikia," alisema Shosho Watiri, na sauti yake haikuwa na msamaha hata kidogo. "Na wewe usiniambie nimalize haraka."

Kinuthia akaandika tarehe juu ya ukurasa, na mama akaanza na asubuhi ile mumewe alipochukua shoka.